Kistari cha Kinole

Mwanaheri binti Mansuri hakuwa mchawi wala mmbeya, na pale Mji Mpya hakuwahi kugombana na jirani kwa ajili ya maji wala ya kuku. Lakini watu walimwogopa, kwa sababu alikuwa akisoma. Sisemi kusoma vitabu, maana hata walimu wanasoma vitabu. Huyu alisoma kila kitu: tangazo la msiba, karatasi iliyofungiwa karanga, lebo ya chupa ya mafuta, barua ya posa. Akisoma alikuwa akitafuta kosa, na akitafuta kosa alilipata, Mungu amsamehe. Aligundua kwamba mumewe ana mke wa pili kule Dakawa kwa kusoma stakabadhi ya mashine ya kukoboa mpunga, ambayo mtu mwingine yeyote angewashia jiko. Tarehe ya stakabadhi ilikuwa siku ambayo mzee alisema yuko matangani Turiani. Mwanaheri hakupiga kelele. Aliizungushia ile tarehe duara kwa bolpeni nyekundu, akaiweka stakabadhi juu ya sahani ya chakula cha jioni, akaifunika na kawa. Mzee alipofunua, ndoa ikaisha hapo hapo.

Kazi yake ndiyo iliyomlea hivyo. Alishuka kutoka Kinole, huko milimani wanakolima pilipili manga na ndizi, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akaingia kiwanda cha chapa cha serikali mjini Morogoro kufagia. Mle ndani mzee mmoja, Bartholomeo, alikuwa akipanga herufi za risasi moja moja kwa vidole vilivyokwisha kuwa vyeusi milele. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma prufu, yaani ile nakala ya kwanza inayopigwa ili makosa yaonekane kabla mashine haijaanza kazi. Mzee alimfundisha sheria zake kama mtu anayefundisha dini. Mstari usiishe na mapengo. Neno lisipoenea mwisho wa mstari, likate kwenye silabi, tia kistari, lililobaki lishushe chini. Na usimwamini mtu: si mwandishi, si mpiga chapa, si meneja, wala macho yako mwenyewe baada ya saa nane mchana.

Basi Mwanaheri akazishika hizo sheria miaka thelathini na kitu. Mzee Bartholomeo akafariki, herufi za risasi zikauzwa kama chuma chakavu, soko huria likaja, kiwanda kikabinafsishwa. Wafanyakazi arobaini na mmoja walipewa barua za kupunguzwa siku moja, na barua zenyewe zilisomwa prufu na Mwanaheri. Mnunuzi, mtu wa kaskazini aliyeitwa Oscar, alimbakiza yeye na wengine wanne. Alisema, "Mama huyu macho yake ni mali." Akaleta kompyuta mbili, akamleta na Abel, mwanamume wa Kihonda mwenye watoto wawili, aliyesomea kupanga kurasa kwenye kompyuta. Abel alikuwa mpole na mwenye adabu, kila asubuhi "shikamoo mama," lakini Mwanaheri hakumwamini. Ukurasa unaotoka umenyooka mara ya kwanza bila jasho? Mh! Lazima kuna kitu kimefichwa humo.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka elfu mbili na tatu.

Ulikuja mradi. Enzi zile miradi ilikuwa inaota kama uyoga wa masika, na huu uliitwa Mradi wa Mipaka na Vyanzo vya Maji. Shabaha yake ilikuwa kupima upya mpaka wa msitu wa Uluguru na mashamba ya watu yanayopakana nao. Wapimaji walipanda na vyombo vyao, wakapiga vigingi, wakaandika kila shamba na ukoo wenye shamba. Maana kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, lukolo, na ukoo ni wa mama. Mjomba ndiye anayeisimamia, na wanaoirithi ni watoto wa dada yake. Shamba ambalo halikuandikwa ukoo wake lingehesabiwa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe lingeingizwa msituni. Mtu asiyeridhika alitakiwa kuleta pingamizi kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi wa Juni. Ikipita Ijumaa hiyo, imepita.

Na hizo orodha utaziona wapi? Hapo ndipo wakubwa wa mradi walipoonyesha usomi wao. Majina ni maelfu, walisema, hayawezi kuenea kwenye ripoti ya kurasa arobaini. Basi ripoti ichapishwe kwa Kiswahili, igawiwe kila kijiji, na ndani yake ziandikwe anwani za tovuti. Mwananchi atashuka mjini, ataingia kwenye duka la intaneti, ataandika anwani, ataona shamba lake. Jamani! Mzee wa Kinole mwenye kikapu cha ndizi kichwani aambiwe atafute tovuti! Lakini mfadhili alikuwa amependa, na mfadhili akipenda nani atabisha?

Ripoti ikaletwa kwa Oscar. Abel akaipanga kwa safu mbili nyembamba kila ukurasa, Mwanaheri akaisoma prufu, ikachapwa, ikapanda milimani. Mwezi wa Mei ukaisha.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho ya Juni, mchana, Yunusi alitokea nyumbani kwa Mwanaheri. Yunusi ni mdogo wake, tumbo moja, na ndiye mjomba, ndiye msimamizi wa shamba la mama yao lililoko juu kabisa, pale ambapo migomba inaishia na msitu unaanza. Kwa kawaida akifika huanza kuita shikamoo tangu barabarani. Siku hiyo alisimama mlangoni akasema, "Habari za hapa," kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Mwanaheri akajua kuna jambo. "Ingia basi. Kuna nini?"

Yunusi hakukaa. Alitoa ripoti mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea. "Hii mmeichapa nyinyi?"

"Sisi."

"Na wewe ndiye uliyeisoma kabla haijachapwa?"

"Ndiyo kazi yangu. Kwani vipi?"

"Watu wa Tawa wameshuka mjini, wameandika anwani yao, orodha yao ikafunguka. Watu wa Tegetero, ikafunguka. Sisi watu wa Kinole tumeshuka mara tatu. Ramani yetu inafunguka. Orodha ya majina haifunguki." Akaiweka ripoti mezani taratibu. "Vijiji kumi na vinne, dada. Kwa nini Kinole tu?"

Mwanaheri akaitazama ile ripoti bila kuishika. Si kwamba alijua chochote, la. Lakini swali lile lilikuwa ni la aina yake mwenyewe, swali ambalo yeye angemuuliza mtu, na hakuwahi kulisikia likielekezwa kwake.

"Unamaanisha nini, Yunusi?"

"Watu wanasema majina yetu yamefichwa kwa sababu yamebadilishwa. Wanasema kuna mtu wa mjini mwenye watoto wakubwa, amechoka kumngoja mjomba agawe, ameshika kalamu akajiandikia." Akatazama ukuta. "Mimi sijasema. Watu wanasema."

"Watu!" Mwanaheri alisimama. "Watu hao nao wamezaliwa na mama yetu? Yunusi, mimi nijiandikie shamba? Shamba ambalo watoto wangu watarithi hata nikilala?"

"Ndiyo nikasema sijasema mimi." Lakini macho yake hayakutoka ukutani.

Kesho yake asubuhi wakaenda pamoja mjini kwenye duka la intaneti karibu na soko kuu. Binti wa kaunta akawaonyesha kompyuta ya pembeni. Mwanaheri alikaa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Akaifungua ripoti ukurasa wa thelathini na moja, akaanza na anwani ya ramani, akibonyeza herufi moja moja na kuitazama kila moja kabla ya kwenda inayofuata:

www.mpakamaji.or.tz/ramani-kinole.htm

Ikafunguka. Mto, vigingi, njia, kila kitu. Kisha akaja kwenye orodha. Kwenye ripoti ilikuwa katikati ya aya, imeanza kwenye mstari mmoja na kumalizikia mwingine:

www.mpakamaji.or.tz/orodha/mashamba-
kinole.htm

Akaandika yote, na kistari chake, kama kilivyo. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikaleta ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza kwamba kitu hicho hakipo. Akarudia. Hakipo. Akaandika ya Tawa. Ikafunguka mara moja, majina yametiririka.

"Unaona?" alisema Yunusi.

Mwanaheri aliona. Na moyoni mwake hasira ikaanza kutafuta mtu. Walioficha ni wa mradi, akajiambia. Watu wa suruali za kaki na magari meupe, hawa ndio wanaoujua ule udongo wa Kinole. Wameona ardhi nzuri wameifungia. Wakaondoka hapo hapo kwenda ofisi ya mradi.

Meneja wa mradi, Bwana Laurenti, aliwapokea kwa heshima zote, akawakalisha, akawauliza habari za safari. Mwanaheri akaisoma hiyo heshima kama anavyosoma kila kitu: mtu asiye na la kuficha hana haja ya kutabasamu namna hiyo. Alipoelezwa, Laurenti alishangaa. "Haifunguki? Hebu tuone." Akaigeuza kompyuta yake, akabonyeza mahali fulani mara moja tu, na orodha ya Kinole ikajaa kiooni. "Hii hapa. Inafunguka tangu Aprili."

Yunusi akamtazama dada yake, kisha meneja, kisha dada yake tena. Kwake ilikuwa imekuwa mbaya zaidi: kumbe wakubwa wanaiona, wao ndio hawaioni.

"Hujaandika kitu," alisema Mwanaheri. "Umebonyeza tu. Andika kama ilivyo hapa kwenye karatasi."

"Mama, kompyuta yangu inaikumbuka, sina haja ya kuandika."

"Basi hujawahi kuijaribu kutoka kwenye karatasi."

"Ripoti mmeichapa nyinyi, mama," alisema Laurenti, na tabasamu likapungua. "Sisi tuliwapa muswada uliokamilika. Na nikwambie kabisa: muda wa pingamizi siwezi kuuongeza kwa sababu watu hawajui kutumia kompyuta. Nitauongeza nikithibitishiwa kwamba kosa limetoka kwa anayechapa au kwetu. Kwa maandishi. Alhamisi nina mkutano Kinole. Leteni hapo."

Walipotoka, katibu muhtasi wake, Joyce, aliwafuata mpaka kibarazani na kipande cha karatasi. "Mama, ile anwani nimekuandikia kama ilivyo kwenye kompyuta." Mwanaheri akapokea bila kushukuru. Kwa nini huyu anatukimbilia? Nani amemtuma? Akaisoma wakiwa njiani. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, mstari mmoja: mashambakinole, imeungana, haina kistari.

"Huyu amekosea," alisema. "Au anatupoteza."

"Jaribu," alisema Yunusi.

Wakarudi kwenye duka la intaneti. Akaandika kama alivyoandika Joyce. Ikafunguka. Majina mia mbili na kitu. Yunusi akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akafuata kwa kidole, akafika shamba lao. Kwenye nafasi ya ukoo iliandikwa: haujulikani.

Basi hakuna aliyejiandikia, lakini shamba halikuwa na mwenyewe, na zilibaki siku tatu. Yunusi akaiandika namba ya shamba kiganjani.

Sasa Mwanaheri alijua tatizo ni nini. Ni kile kistari. Anayesoma ripoti anakiona kistari mwisho wa mstari. Atajuaje kama ni sehemu ya anwani au ni cha kukata neno tu? Kwenye ramani kistari ni cha kweli, na bila hicho haifunguki. Kwenye orodha ni cha uongo, na pamoja nacho haifunguki. Neno la kawaida likikatwa na kistari, akili ya msomaji inaliunga yenyewe. Anwani haina akili inayoiunga. Inataka iwe vile vile ilivyo, basi. Na kati ya vijiji vyote kumi na vinne, ni anwani ya Kinole pekee iliyoangukia mwisho wa mstari. Kwa hiyo kuna mtu aliyekiweka pale.

Abel! Nani mwingine? Mashine ni yake, kurasa ni zake. Na unyenyekevu wote ule wa shikamoo, shikamoo. Mwanaheri aliingia kazini mchana ule akiwaka moto, akamkuta Oscar yuko kwenye simu na Laurenti, na Oscar alipoweka simu alikuwa amekwisha kuamua.

"Mteja amekasirika," alisema Oscar. "Anataka maelezo ya maandishi. Kosa ni la kompyuta, na kompyuta ni ya Abel. Nimemwambia Abel Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho."

Abel alikuwa amekaa mbele ya kioo chake, mikono magotini. Mwanaheri akamwekea ripoti mbele, kidole juu ya kile kistari. "Mama," alimwambia Mwanaheri, "mimi sikumbuki kuweka kistari kile. Programu yangu haikati anwani. Nimeiambia isikate. Lakini marekebisho yalikuwa mengi, pengine niliteleza."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuudhi Mwanaheri zaidi. Mtu mwenye hatia hujitetea. Mwenye haki naye hujitetea. Huyu mbona hajitetei? Basi akaenda stoo, mahali ambapo prufu zote huning'inizwa kwenye misumari kwa miezi sita, ili amwekee ushahidi mezani na mambo yaishe. Akautafuta msumari wa ripoti ile. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja.

Prufu ya kwanza aliyoipanga Abel ilikuwa sawa. Anwani nzima ilikuwa imeshushwa mstari wa chini, haikukatwa popote, na kwa sababu safu ni nyembamba na pande zote zimenyooshwa, mstari wa juu ulibaki na maneno matatu yaliyoachana kwa mapengo makubwa. Na juu ya mapengo hayo palikuwa na wino mwekundu. Mkato mzuri, uliotulia, kati ya mashamba na kinole. Kistari kimeonyeshwa. Pembeni pameandikwa, kwa mwandiko mnyoofu ambao Morogoro nzima inaujua: "Mapengo! Kata hapa, pandisha. Usiwe mvivu."

Mwanaheri alikaa chini kwenye rimu za karatasi.

Alitafuta mtu mwingine, msidhani hakutafuta. Pengine mwandiko umeigizwa. Pengine Abel aliukuta mwandiko wa zamani akauhamisha. Alitazama ile "U" ya "Usiwe," mkia wake unavyopinda, akajua kwamba hakuna mtu duniani anayeipinda hivyo ila yeye. Alikumbuka hata saa. Ilikuwa jioni, macho yamechoka, na aliuona ule mstari wenye mapengo akakasirika kama mtu aliyetemewa mate. Sheria ya mzee Bartholomeo. Mstari usiishe na mapengo. Likate kwenye silabi, tia kistari. Hakuwahi kujiuliza kama anwani ni neno. Ilikuwa na silabi, akaikata.

Uchungu aliousikia hakuwahi kuusikia hata siku ya ile stakabadhi ya mpunga. Siku ile kosa lilikuwa la mtu mwingine.

Hakuna aliyemwona stoo. Ukurasa mmoja ungeweza kung'oka msumarini bila mtu kujua. Jikoni kulikuwa na jiko la mkaa la chai, linawaka. Akasimama na ule ukurasa mkononi, na nitakuambia ukweli kwa sababu alimwambia ukweli mtu aliyeniambia mimi: alikwenda mpaka mlangoni mwa jikoni. Abel angepata kazi nyingine, ana ujuzi wa kompyuta. Yeye ana miaka hamsini na sita, ana macho tu. Lakini bila ule ukurasa hakuna ushahidi kwamba kosa ni la kiwanda. Oscar hataandika, ataropoka tu kwamba ni kompyuta, na Laurenti atasema siku ni ile ile, Ijumaa. Na shamba la mama yake litaingia msituni likiwa "haujulikani."

Akarudi akampelekea Oscar. Oscar akasoma, akaufunga mlango.

"Mama Mwanaheri. Hii irudishe kwenye msumari."

"Naipeleka Kinole Alhamisi."

"Ukisimama mbele ya mteja wangu ukasema kiwanda changu kimekata anwani yake kwa makusudi, kwa wino mwekundu, hata mteja mwingine hatakuja. Ukienda kusema hayo, usirudi."

"Haya," alisema Mwanaheri. "Na Abel?"

"Abel ni shauri langu."

"Hapana, Abel ni shauri langu. Mimi ndiye niliyemwita mvivu."

Jumatano alimwonyesha Abel ule ukurasa, akakaa naye siku nzima. Kiwanda kilikuwa hakijamfukuza Mwanaheri bado, basi akafanya kazi. Walitaka karatasi moja ya kupeleka Kinole, ambayo mtu akiishika hakosei. Abel akampigia simu Joyce, Joyce akasema mtaalamu wao anaweza kuiweka orodha ile ile mahali penye anwani fupi, na alasiri ikawa tayari. Abel akaipanga anwani mstari wake peke yake, katikati ya karatasi, mbali na maneno mengine:

www.mpakamaji.or.tz/kinole

Mwanaheri akaishika kalamu. Akaona baada ya neno la mwisho hakuna nukta. Mkono wake wenyewe ulitaka kuitia nukta, sentensi imekwisha. "Mama, usitie," alisema Abel. "Mtu ataiandika na nukta." Mwanaheri akauzuia mkono wake. Akataka kuipigia mstari chini, kama vitu vyote vya maana vinavyopigiwa. "Wala usipige mstari. Anwani nyingine zina kistari cha chini, na mstari kama huo hukifunika, mtu asijue kipo au hakipo." Wakachagua aina ya herufi ambayo tarakimu ya moja na herufi ya l hazifanani, maana kinole ina l. Anwani zile mbili ndefu nazo waliziweka karatasini. Ile ndefu ya orodha wakaikata baada ya mkwaju (/), bila kistari, na chini yake wakaandika: "Andika yote mfululizo, herufi ndogo, bila nafasi. Anwani hii haina kistari." Chini ya ile ya ramani wakaandika: "Hapa kistari kipo, kiandike."

Na mwisho Mwanaheri alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake yote ya prufu. Hakuisoma. Aliichukua karatasi akaipeleka kwenye duka la intaneti, akampa mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa hajawahi kugusa kompyuta, akasema, "Mama, tafadhali, bonyeza kama ulivyoona hapa. Mimi sisemi kitu." Akasimama nyuma amefumba mdomo. Mama yule akabonyeza kwa kidole kimoja, akichelewa kwenye kila nukta. Orodha ikafunguka. "Ee, nimefanya mimi?" alisema muuza vitumbua. Kisha akaandika na ile ndefu, na ya ramani. Zote zikafunguka.

Alhamisi mkutano ulikuwa kwenye ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka nje, na walikuja wamekunja nyuso. Laurenti alipoanza kusalimia waliitikia nusu. Abel alikuwa amepanda na Mwanaheri, ameshika bahasha ya zile karatasi. Mwanaheri hakungoja kuitwa. Alisimama, akaweka prufu mezani mbele ya Laurenti, akawaambia ndugu zake:

"Mmesema kuna mtu wa mjini aliyewafungia orodha. Yupo. Huyu hapa. Kosa si la mradi, wala si la kompyuta, wala si la huyu kijana. Yeye aliiandika sawa. Mimi nikaikata anwani yenu kwa kalamu hii, nikaitia kistari ambacho si chake, kwa sababu niliona mstari wenye mapengo nikachukia. Sikujiandikia shamba la mtu. Lakini mwezi mzima mmeshuka na kupanda kwa ajili yangu."

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Kwa ajili ya kistari?" na mtu mwingine akasema, "Wallahi, kistari!" na baadhi wakaanza kucheka kicheko ambacho si cha furaha. Laurenti aliigeuza prufu, akasoma ule mwandiko wa pembeni mara mbili. Akachukua kalamu akaandika, akagonga muhuri: pingamizi za Kinole zitapokelewa siku ishirini na moja zaidi. Abel akaanza kugawa karatasi.

Yunusi alikuwa amekaa mbele kabisa. Alimngoja dada yake amsogelee.

"Mwezi mzima nilikushuku," alisema polepole. "Mchana nakushuku, usiku najilaumu. Najiambia, Yunusi, unamdhania dada yako ubaya, huna haya? Kumbe nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa," alisema Mwanaheri.

"Ulimshuku nani wewe?"

"Wote."

Yunusi akatikisa kichwa. Fomu ya pingamizi ilikuwa magotini mwake, haijaandikwa kitu. Tangu wamezaliwa, karatasi yoyote ya nyumba ile aliandika Mwanaheri: ya shule, ya hospitali, ya nikaha, ya maziko ya mama. Mwanaheri akanyoosha mkono kuipokea. Yunusi akaiinua fomu, akampita, akampa Abel.

"Niandikie, mwanangu."

Mkono wa Mwanaheri ulibaki hewani kidogo, kisha akaushusha. Abel akamtazama kwa aibu, akakaa kwenye benchi, akaanza. Namba ya shamba akaisoma kwenye kiganja cha Yunusi. Kijiji. Kata. Jina la msimamizi. Akafika kwenye nafasi ya ukoo, akasita. Yeye si Mluguru, jina lile hajawahi kuliona limeandikwa, na Yunusi kusoma anajua, kuandika hakujui sana. Abel akainua kalamu, akamtazama Yunusi.

Yunusi akamtupia dada yake jicho.

"Muulize," alisema mwishowe. "Lakini akutajie herufi moja moja, uandike wewe. Ukimaliza umsomee mtu mwingine."

Mwanaheri akapiga magoti kando ya benchi, mikono nyuma, akaanza kulitaja jina la mama yake.